Barua ya Aprili niliyolazimika kuiandika upya

Hajati ana duka la vitenge Kiyembe, hapa Kampala, juu kwenye jengo ambalo ukikosea ngazi unatokea kwa mafundi cherehani. Mimi ni mhariri wa video, najiajiri. Binti yake anapiga picha kwa simu, usiku ananitumia kwa WhatsApp kama dokumenti (akituma kama video ya kawaida zinabanwa mpaka maua ya kitenge yanakuwa ukungu), mimi nazikata, na kila mwezi tunapandisha video fupi nane kwenye YouTube, TikTok na Facebook. Mwezi ukiisha nampelekea ankara na barua ya matokeo.

Tunaandikiana Kiswahili. Mimi nimekulia kambini Jinja, baba alikuwa askari, na pale kambini Kiswahili ndiyo lugha tuliyogombania nayo mpira. Hajati amezaliwa Bukoba akaja huku kuolewa. Dukani anaongea Kiganda siku nzima, lakini ukimkuta anahesabu noti utasikia midomo inasema "thelathini na moja, thelathini na mbili".

Barua zangu za mwanzo, nikisema kweli, zilikuwa sababu ya kuambatanisha ankara. Nilikuwa napiga skrinshoti kumi na nne, nazipanga vizuri, naandika juu "Matokeo ya mwezi", natuma. Hajati alikuwa anajibu "Mashaallah". Nikadhani ameridhika. Baadaye binti yake akaniambia mama alikuwa haifungui, alikuwa anajibu kama mtu anavyojibu akitumiwa picha ya mtoto wa jirani.

Moja tu aliifungua, ya Aprili 2025, na hiyo ndiyo iliyotuletea hasara.

Machi video zetu za YouTube zilikuwa zimetazamwa mara 6,200. Aprili zikatazamwa mara 14,900. Nilipoiona hesabu hiyo sikuuliza chochote, nilifurahi tu. Nikaweka juu kabisa kwa herufi kubwa kwamba utazamaji umepanda kwa asilimia 140, na chini yake nikataja video iliyoongoza, ya kitenge cha buluu chenye ndege. Safari hii Hajati hakujibu "Mashaallah". Alinipigia simu akaniuliza mara mbili kama ni kweli, nikamwambia ni kweli, YouTube wenyewe wameandika. Kesho yake akaagiza vipande 40 vya kitenge kile juu ya mzigo wake wa kawaida, kila kipande yadi sita, kwa bei ya jumla ya shilingi 38,000. Ukizidisha ni shilingi 1,520,000. Mimi sikujua mpaka nilipopita dukani katikati ya Mei nikayakuta mafurushi yamepangwa ukutani hadi karibu na feni.

"Watu wako wako wapi?" akaniuliza. Hakuwa na hasira. Alikuwa anauliza kama mtu aliyeahidiwa wageni na pilau imeshaiva.

Nikaenda nyumbani kutafuta watu wangu. Ilinichukua kama saa moja kupata jibu, na jibu lilikuwa limetangazwa kabla hata Aprili haijaanza. Kuanzia tarehe 31 Machi 2025 YouTube walibadili namna ya kuhesabu video fupi. Zamani mtu alipaswa kuiangalia kwa muda fulani ndipo ahesabiwe, na muda wenyewe hawakuutaja. Sasa video ikianza tu kucheza kwenye simu yake ni moja, na ikijirudia ni nyingine, hata kama kidole kilikuwa tayari kinaisukuma juu. Hesabu ya zamani hawakuifuta. Waliipa jina lingine, "Engaged views", na kuipata inabidi uingie YouTube Studio, kwenye Analytics, halafu "Advanced mode". Nikaingia. Aprili: 6,050.

Kwa hiyo Machi, kwa hesabu ya zamani, 6,200. Aprili, kwa hesabu ileile, 6,050. Hatukupanda kwa asilimia 140. Tulishuka kidogo. Waliobadilika ni wenye kuhesabu, watazamaji ni walewale, na mimi niliyelipwa kuzisoma namba hizo nikawa nimemsomea mteja wangu mizani iliyobadilishwa jiwe.

Dalili zilikuwepo kama ningetazama. Utazamaji ulikuwa umeruka kwa video zetu zote kwa pamoja, hata za mwezi wa pili ambazo hakuna aliyezigusa, na uliruka kuanzia siku moja. Video ikipendwa hupanda peke yake na dada zake wanabaki chini. Zikipanda zote siku moja, kuna kitu kimebadilika nje ya video. Dalili nyingine ilikuwa simu ya duka yenyewe. Machi walituandikia watu 31 WhatsApp. Aprili walikuwa 33. Kama kweli watazamaji wangekuwa mara mbili na zaidi, wangebishaje mlango watu wawili tu wa ziada?

Barua ya Mei niliiandika upya kutoka mwanzo, na kwa mara ya kwanza niliiandika kama barua. Naiweka hapa sehemu ya kwanza kama nilivyoituma:

"Hajati, assalamu alaykum. Barua ya mwezi uliopita ilikuwa na kosa, na kosa ni langu. Nilikuambia video zimetazamwa zaidi ya mara mbili. Si kweli. YouTube wamebadili namna ya kuhesabu. Zamani walihesabu mtu aliyeingia dukani akashika kitambaa. Siku hizi wanahesabu hata aliyepita mlangoni bila kugeuza shingo. Walioshika kitambaa Machi walikuwa 6,200, Aprili 6,050, Mei 6,400. Hizo ndizo namba nitakazokuandikia kuanzia sasa. Ile kubwa utaiona kwenye simu ya binti, iache. Kwa vipande vya ndege, Mei umeuza 9, vimebaki 31. Nimepunguza nusu ya ankara ya mwezi huu."

Punguzo alilikubali kabla sijamaliza kulieleza.

Baada ya hapo tulikaa dukani, mimi na Hajati na msichana wa kaunta, tukakubaliana namba ipi iwe ya kwanza kwenye barua. Mimi nilitaka iwe ya YouTube. Hajati akatoa daftari lake la kaunta, lile refu lenye jalada gumu, akaliweka juu ya kipande cha kitenge. "Anza na kilichomo humu," akasema. Tatizo ni kwamba daftari halikuonyesha nani alitoka wapi. Aliyekuja kwa sababu ya video na aliyekuja kwa sababu shangazi yake amefiwa anataka sare, wote walikuwa mstari mmoja: rangi, yadi, bei.

Tukaongeza safu moja kwenye daftari. Na kwenye kila ukurasa wetu nikaweka linki yake ya WhatsApp ambayo mtu akiibonyeza ujumbe unakuwa umeshaandikwa, yeye ni kutuma tu. Ya TikTok ilikuwa hivi, namba nimeificha:

```
https://wa.me/2567XXXXXXXX?text=Nimetoka%20TikTok
```

Ya YouTube inasema "Nimetoka YouTube", na ya Facebook vilevile. Msichana wa kaunta akipata ujumbe anaandika T, Y au F kwenye safu mpya, na mtu akinunua anazungushia duara. Teknolojia yote ndiyo hiyo. Nayo niliiharibu mwanzoni: linki ya TikTok niliiandika 25607, nikaibakiza ile sifuri tunayoanzia namba zetu tukipigiana humu nchini. Baada ya 256 sifuri haikai. Siku tano hakuna T hata moja daftarini huku video zinaendelea kutazamwa kama kawaida, ndipo nikaibonyeza mwenyewe kwa simu ya mke wangu nikaambiwa namba haipo WhatsApp. Tangu siku hiyo linki ikishawekwa naijaribu kwa simu isiyokuwa yangu.

Daftari halimkamati kila mtu. Kuna anayeona video, anapanda taksi mpaka mjini, anaingia, ananunua, anaondoka bila kusema kitu. Kwa hiyo kwenye barua huwa naandika "si chini ya". Juni: waliotuandikia kupitia video si chini ya 38, walionunua si chini ya 13. Hajati anaipenda namba hiyo kwa sababu anaweza kufungua daftari akazihesabu duara mwenyewe, na amewahi kufanya hivyo, akanikuta nimekosea moja.

Namba ya pili ya barua ndiyo inayonihusu mimi na mkasi wangu: kati ya watu 100 walioanza kuangalia, wangapi bado wapo sekunde ya tatu.

Nilikuwa naanza kila video na nembo ya duka inayozunguka na kung'aa, sekunde nne. Niliitengeneza siku mbili na nilikuwa naipenda. Kisha ndipo kitambaa kinaonekana. Kwenye YouTube kuna mchoro wa mstari unaoonyesha watu wanavyopungua sekunde kwa sekunde, na kwenye video zangu mstari ulikuwa unaporomoka kabla nembo haijamaliza kuzunguka. Sekunde ya tatu walibaki 44 kati ya 100. Yaani zaidi ya nusu waliondoka bila kuona uzi hata mmoja wa kitenge.

Hapa wastani uliwahi kunidanganya, na ni vizuri nieleze kwa sababu wateja wengi wanaonyeshwa wastani tu. Video ilikuwa ya sekunde 34 na wastani wa kuangalia ulikuwa sekunde 11. Ukisikia hivyo unadhani mtu wa kawaida anaangalia sekunde 11 halafu anachoka, kwa hiyo unaanza kufupisha mwisho. Lakini hakukuwa na mtu wa sekunde 11. Kulikuwa na 56 waliokimbia kwenye sekunde ya pili hivi, na 44 waliokaa sekunde 22 au zaidi. Changanya makundi mawili ugawe, unapata 11. Mwisho wa video haukuwa na ugonjwa wowote. Ugonjwa ulikuwa mlangoni, na mlangoni nilikuwa nimesimama mimi na nembo yangu.

Kwenye barua niliandika hivi: "Nembo nimeiondoa mwanzo, nimeiweka sekunde mbili za mwisho. Video sasa inaanza na mikono ya binti inakikunjua kitambaa, sauti ya kitambaa ikisikika. Waliobaki sekunde ya tatu walikuwa 44, sasa ni 71." Ili nisidanganyike tena nilikuwa nimekata kitenge kilekile mara mbili, mwanzo tofauti, tukazipandisha wiki mbili mfululizo siku ileile saa ileile ya jioni. Bado si ushahidi wa mahakamani, maana wiki haifanani na wiki, lakini tofauti ya 44 na 71 ni kubwa kuliko upepo.

Jambo lililotugombanisha ni bei. Mimi nilitaka bei iandikwe kwenye kioo ndani ya sekunde mbili za kwanza. Hajati akakataa katakata. Kiyembe, akasema, ukiandika bei asubuhi, saa sita mwenzio wa ngazi ya chini ameshaandika ya kwake imepungua elfu moja. Hilo ni kweli, nimeliona. Tukakubaliana tujaribu kwa kitambaa kimoja ambacho majirani hawana.

Video isiyo na bei ililetea simu ya duka ujumbe 19, na walionunua walikuwa 4. Yenye bei ilileta ujumbe 11, na walionunua walikuwa 6. Ningekuwa bado mtu wa skrinshoti ningemwambia video ya bei imeshindwa, kwa sababu ujumbe umepungua karibu nusu. Msichana wa kaunta ndiye aliyetufungulia macho. Alisema wale 19, wengi wao waliuliza "bei gani?", akawajibu, wakanyamaza milele. Bei ikiwa imeshaandikwa, wa kunyamaza wananyamaza hukohuko, na anayeandika anauliza kama tuna yadi sita kamili au kama tunatuma Mbarara kwa basi. Nilimwandikia Hajati hesabu hiyo na pembeni nikaongeza kwamba watu 6 ni watu 6, tusijenge nyumba juu yao, tujaribu tena mwezi ujao kwa vitambaa vitatu. Alikubali vitatu. Vitambaa vya kawaida, vile ambavyo kila mtu Kiyembe anavyo, mpaka leo havina bei, na sidhani kama nina haki ya kumlazimisha. Majirani anaishi nao yeye.

Sehemu ya Facebook huwa fupi, ila mwezi ule ilihitaji maelezo. Binti alikuwa amemwonyesha mama yake kwamba watazamaji wetu wengi wa Facebook wako Uholanzi, wakifuatiwa na Marekani. Hajati akaanza kuuliza gharama ya kutuma mzigo Amsterdam. Alikuwa na shemeji huko, akaona mlango umefunguka.

Nilimkumbusha kwamba Facebook hapa Uganda ilifungwa Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, na tangu hapo anayetaka kuingia hupitia VPN. VPN inampitisha kwenye kompyuta iliyo nchi nyingine, kwa hiyo kwa anayehesabu kutoka mbali, mama aliyekaa Kawempe anaonekana yuko Uholanzi. Hajati mwenyewe anatumia VPN. Nikachukua simu yake, nikamwonyesha pale ilipoandikwa Netherlands. Akacheka mpaka akakaa chini: "Kumbe mmoja wao ni mimi!"

Kujua nani ni Mholanzi wa kweli tulitumia vitu viwili. Kimoja ni namba za waliotuandikia: zile zenye herufi F daftarini, zote isipokuwa moja zilianza na +256. Kingine ni maswali yao kwenye komenti. Mtu wa Rotterdam haulizi kama duka liko upande wa Luwum Street au upande wa kule kwenye taksi. Kwa hiyo safu ya nchi ya Facebook siiweki tena kwenye barua. Ile namba moja isiyo ya +256 ilikuwa ya shemeji.

Kuna swali moja la Hajati ambalo bado nalipenda. Aliona video moja ya sekunde 9 imeandikwa kwamba kwa wastani watu wameangalia asilimia 112 yake. "Mwanangu, mtu anakulaje sahani moja na ziada wakati sahani ni moja?" Nikamwambia video fupi ikiisha inaanza tena yenyewe, kwa hiyo mwingine anaangalia mara moja na kipande cha mara ya pili. Akafikiri kidogo. "Basi huyo hajashiba, au amelala na simu mkononi." Yote mawili yanawezekana na namba haisemi ni lipi, kwa hiyo hiyo nayo siiweki.

Barua sasa ni ukurasa mmoja. Juu daftari, katikati sekunde ya tatu, chini wale walioshika kitambaa kwa hesabu ya zamani, na mwishoni kitu kimoja nitakachobadilisha mwezi ujao. Skrinshoti naziweka kwenye folda yangu, akizitaka nampa. Hajaziomba.

Ya Juni niliituma Jumatatu usiku. Asubuhi akanijibu kwa sauti, na nyuma yake nasikia mkasi wa fundi: "Nimesoma yote. Duara za Y umeandika saba, mimi nimehesabu nane, mwulize msichana. Na wale ndege wamebaki kumi na saba. Nitengenezee nyingine, na safari hii andika bei."